Somo: Tezi zilizovimba baada ya mkwaruzo wa paka. Lini azithromaisini, lini kusubiri?

Habari zenu wana somo. Leo tunamfuata mtoto wa miaka 8, kilo 24, aliyekwaruzwa mkononi na kitoto cha paka. Baada ya siku chache kikatoka kipele pale pale, na wiki mbili baadaye tezi ya kwapa la upande huo huo ikavimba na kuuma. Mama yake anataka antibayotiki leo leo.

Hatua ya 1: Unganisha mkwaruzo na tezi. Bakteria anayeitwa bartonela huishi kwenye damu ya paka, hasa wadogo, na husambazwa na viroboto. Kinyesi cha viroboto hubaki kwenye kucha, paka akikukwaruza kinaingia kwenye ngozi. Tezi inayovimba ni ile inayopokea maji ya mwili kutoka sehemu iliyokwaruzwa. Mkwaruzo wa mkono huleta uvimbe kwapani au karibu na kiwiko, wa mguu huleta mtoki kinenani, wa uso huleta tezi za shingo. Mkwaruzo ukiwa mguuni na uvimbe uko shingoni, tafuta sababu nyingine.

Hatua ya 2: Usiisahau TB. Kwetu hapa hili ndilo la kuhofia zaidi. Tezi ya TB kwa kawaida hukua polepole, haiumi sana, mara nyingi ziko kadhaa zimeshikamana, na mtu anaweza kukonda, kutoka jasho usiku au kuwa na homa za muda mrefu. Tezi iliyo juu ya mfupa wa mtulinga, au iliyo ngumu kama jiwe, haisubiriwi hata wiki: ichunguzwe kwa sindano. Na kipimo cha VVU kifanyike mapema.

Hatua ya 3: Pima, andika, subiri. Tezi ya mtoto wetu ilikuwa sentimita 2, hana homa, anakula na kucheza. Huyu apewe parasetamoli na kitambaa cha maji ya vuguvugu, basi. Kwa mtu mwenye kinga nzuri, ugonjwa huu huisha wenyewe, ingawa tezi inaweza kuchukua miezi miwili hadi minne kurudi kawaida. Mama apime kwa rula kila wiki na kuandika. Zikipita wiki nne bila kupungua, tezi ichunguzwe.

Hatua ya 4: Azithromaisini inapostahili. Wiki ya pili tezi ilifika sentimita 4, mtoto akawa hainui mkono wala halali usiku. Hapo dawa ina kazi. Siku ya kwanza miligramu 10 kwa kila kilo, kisha miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku, siku ya 2 hadi ya 5. Kwa kilo 24 ni miligramu 240, halafu 120. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 200 katika mililita 5, ni mililita 6 siku ya kwanza na mililita 3 siku nne zinazofuata. Mtu mzima hupewa miligramu 500, kisha 250. Mwenye tatizo la mapigo ya moyo amweleze daktari kwanza.

Mama aambiwe ukweli kuhusu kinachotarajiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulipima tezi kwa ultrasaundi: ndani ya siku 30, tezi zilipungua kwa asilimia 80 kwa wagonjwa 7 kati ya 14 waliopewa azithromaisini, na kwa 1 tu kati ya 15 waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na kiambato cha tiba. Baada ya siku hizo 30, tofauti haikuonekana tena. Dawa inaharakisha tu tezi kusinyaa, ndiyo maana simpi kila mwenye uvimbe mdogo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Daktari, mwanangu amemaliza amoksilini na tezi iko vile vile. Tuongeze dozi?*
Hapana mama. Amoksilini haisaidii ugonjwa huu hata ukiongeza. Rudi apimwe upya, na swali la TB liulizwe tena.

*Tezi ya mdogo wangu imelainika katikati, nahisi usaha. Wapasue?*
Wasipasue kwa kisu. Jeraha linaweza kubaki wazi likitoa majimaji kwa miezi. Usaha unyonywe kwa sindano, na sehemu yake ipelekwe maabara kupimwa TB. Maumivu hupungua mara usaha ukitoka.

*Mimi naishi na VVU, siku tano zinanitosha?*
Usijitibu, ndugu. Kinga ikiwa chini, bakteria huyu huweza kuenea na kuleta vinundu vyekundu vya ngozi vinavyotoka damu kirahisi, na matibabu yake, kwa doksisaiklini au erithromaisini, ni ya miezi. Homa isiyoisha, jicho kupoteza uwezo wa kuona, kuchanganyikiwa au degedege ni hospitali siku hiyo hiyo, kwa mtu yeyote.

*Sasa paka tumfukuze?*
Hakuna haja. Paka mwenyewe haonekani mgonjwa. Shughulikeni na viroboto kwa dawa ya mifugo iliyotengenezwa kwa ajili ya paka, maana baadhi ya dawa za viroboto za mbwa humuua paka. Mkwaruzo ukitokea, uoshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, na paka asilambe kidonda.