Somo: Kumuua mwalimu ili mwanafunzi ashike uongozi

Kila mara naletewa miswada ambamo mzee anakata roho akiwa ameushika mkono wa kijana, anamwambia "sasa ni zamu yako". Nimelijibu hili faraghani hadi nimechoka, basi naliweka hapa. Mfano ni wa hadithi yangu: jahazi limepakia boriti za mikoko huko delta ya Rufiji, linakwenda Unguja kwa upepo wa kusi. Nahodha ni mzee. Makame, miaka 16, anajifunza kwake.

1. Chagua kazi moja ambayo wote chomboni humwachia mwalimu. Kwangu ni kutia bildi usiku ili kujua chini ya maji pana nini: pande la madini ya risasi lililofungwa kamba, chini yake lina kishimo kinachopakwa shahamu. Ikigusa chini hurudi na mchanga, tope au vipande vya matumbawe, na nahodha akavisoma kwa vidole.

2. Mwonyeshe kijana akiifanya mapema, tena akikosea. Kila Makame akivuta kamba, Nahodha humuuliza: "Umepata nini?"

3. Wazibie njia watu wazima wengine. Serahangi yupo, lakini ameshika usukani na hajawahi kuisoma bildi.

4. Kifo chenyewe. Hapa niliharibu. Rasimu yangu ya kwanza ilimpa Nahodha ukurasa mzima na nusu wa wasia: mwamba uko wapi, tanga litolewe lini, mabaharia wapangwe vipi. Niliulia mwenyewe nilipokuwa nikiuandika. Msomaji wangu wa kwanza akaniambia, "Makame haongozi, anatekeleza maagizo ya maiti." Alisema kweli. Mwalimu akishatoa jibu, uamuzi ni wake hata akiwa amekufa, na kijana hana alichokibeba.

Nikaandika upya. Makame anavuta kamba gizani, Nahodha anashika kifua, anakaa juu ya boriti na kuuliza kama kawaida, "Umepata nini?" Hasikii jibu. Makame anapapasa shahamu: si tope la mto, ni matumbawe. Anasema, "Mwamba. Tueni tanga." Serahangi anamtazama Nahodha kwanza. Makame anarudia, kwa sauti ileile. Ndipo kamba zinalegezwa na foromali inashuka.

Angalieni mambo mawili hapo. Kule kumtazama Nahodha msikufute, maana amri ikitiiwa papo hapo msomaji haoni kwamba madaraka yamehama. Na kijana asilie kabla ya amri. Akilia kwanza, wenzake watambembeleza, na mtu anayebembelezwa haamrishi.

Namna ya kujipima: futa maneno yote ya mwisho ya mwalimu. Ikiwa kijana hajui tena la kufanya, uongozi haujampata bado.

5. Funga sura kwenye kazi: nanga inatiwa, wanangoja alfajiri.

MASWALI

kalamu_nyeusi: Mkuu, mzee akiacha barua badala ya kusema?

Jibu: Barua ni wasia ulioandikwa. Rudi hatua ya 4.

msomi77: Kwani lazima afe? Mbona mnapenda kuua wazee?

Jibu: Si lazima. Somo ni la anayetaka afe.

binti_ziwa: Shikamoo mwalimu. Wangu ni mkunga wa jadi, anaugua wiki kadhaa, hafi ghafla. Mjukuu wake ndiye mwanafunzi. Kazi moja nitaipata wapi?

Jibu: Marahaba binti, swali zuri sana. Kifo cha polepole hakibebi zamu ya uongozi, kwa hiyo itenganishe. Bibi yu hai chumba cha pili, hawezi tena kusema. Usiku analetwa mzazi. Mtoto anatoka salama, kondo la nyuma halitoki na damu inazidi. Bibi alikuwa akisubiri na kukanda tumbo. Mjukuu amewahi kumwona mama mmoja akifa katika kusubiri huko, na umeshatuonyesha siku hiyo mapema. Sasa anaamua: machela, zahanati, usiku huohuo. Hapo anaongoza kwa kumpinga aliyemfundisha, na Bibi anasikia yote ukutani. Kifo chake kinaweza kuja kesho yake kwa mistari mitatu.

binti_ziwa: Na wakwe wakikataa machela?

Jibu: Wakatae. Hao ndio Serahangi wako.

mpwani: Mimi nataka kujua maiti ya Nahodha. Mnaitosa baharini?

Jibu: Hapana, Unguja ni karibu, anazikwa nchi kavu. Kutosa ni pale bara iko mbali na maiti inahofiwa kuharibika. Serahangi anamfumba macho na kumfunika kwa kilemba chake, kwa kuwa mikono ya Makame bado iko kwenye kamba.

mpwani: Na shahamu ikiisha safarini?

Jibu: Paka sabuni ya mche, nayo hunasa mchanga.