Kukadiria mauzo ya mgahawa mdogo: anza na meza, si viti

Watu wengi huandaa makadirio kwa kuzidisha idadi ya viti kwa zamu za wateja, kisha kwa bei. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi, lakini karibu kila mara mauzo yenyewe huja chini yake. Hapa chini ni njia ninayoitumia. Mfano ni wa mgahawa niliosaidia kuupangia: meza 8 za watu wanne, yaani viti 32, na siku moja ya mapumziko kwa wiki. Namba nimezirahisisha, na bei nimeziacha bila sarafu.

Hatua ya 1: Gawa siku kwa vipindi

Mchana na jioni ni biashara mbili tofauti, kwa hiyo kila kimoja kiwe na mstari wake. Chakula cha kufungasha nacho kipe mstari wake, maana hakikalii kiti.

Hatua ya 2: Hesabu vikundi vya wateja

Hapa ndipo makadirio mengi yanapoharibikia, kwa hiyo usiharakishe. Tuchukue mchana, saa 6 hadi saa 8 na nusu. Meza moja huchukua kama saa nzima, tangu wateja wakae hadi wengine wakae, ukiweka na muda wa kusubiri bili na kufuta meza. Mwenye haraka atasema: saa mbili na nusu ni zamu 2.5, mara viti 32, wateja 80.

Sasa tazama ukumbi wenyewe. Wawili wakikaa kwenye meza ya wanne, viti viwili vilivyobaki havina kazi, kwa sababu wageni wachache hukubali kuchangia meza. Wastani ulikuwa watu 2.5 kwa meza. Tena wateja hawaji kwa mpangilio: saa 7 hadi saa 8 meza zote 8 zimejaa, saa iliyotangulia vilikuja vikundi 4, na nusu saa ya mwisho vikundi 2. Jumla vikundi 14, mara 2.5, wateja 35. Ni chini ya nusu ya wale 80, na mgahawa ulionekana umefurika.

Kama hujafungua, nenda kwenye mgahawa unaofanana na wako, ukae na daftari na uandike kila nusu saa: meza ngapi zina watu, na ni watu wangapi. Rudia siku tofauti za wiki. Mimi naliamini daftari hilo kuliko jedwali lolote la kupakua lenye "viti kujaa asilimia 70", namba isiyojulikana ilikotoka.

Kama umeshafungua, usiiamini ripoti ya mashine ya mauzo kabla ya kuikagua. Mhudumu mwenye haraka huandika mtu 1 kwa kila meza. Ukiona wastani wa watu kwa meza unakaribia 1 ilhali ukumbini unawaona wawili wawili na watatu watatu, ujue tatizo ni hilo, na malipo kwa mteja yatasomeka makubwa kuliko yalivyo.

Uliza jiko pia. Saa ya 7 ina wateja 20. Mpishi akiweza kutoa sahani 16 tu kwa saa, kikomo chako ni 16.

Hatua ya 3: Malipo ya wastani kwa mteja

Usichukue wastani wa menyu. Vyakula vya 60, 100 na 200 vina wastani wa 120, lakini kati ya wateja 10, sita huchukua cha 60, watatu cha 100, mmoja cha 200. Hiyo ni 860. Wanne wakiongeza kinywaji cha 20, inakuwa 940, yaani 94 kwa kila mteja.

Hatua ya 4: Jedwali

Safu ni hizi: A kipindi, B vikundi, C watu kwa kikundi, D malipo, E siku za aina hiyo kwa mwezi, F mauzo.

```
=B2*C2*D2*E2
=SUM(F2:F5)
```

Kwa wiki moja ilikuwa hivi. Mchana Jumatatu hadi Ijumaa ni wateja 35 kila siku, Jumamosi 20: jumla 195, mara 94, ni 18,330. Jioni ni 15 kwa siku nne za kwanza, na 30 Ijumaa na Jumamosi: jumla 120, mara malipo ya wastani ya jioni, 130, ni 15,600. Wiki nzima 33,930.

Ukija kwenye mwezi, hesabu siku kwenye kalenda. Kuzidisha wiki kwa 4 kunaacha siku mbili au tatu karibu kila mwezi, na mwezi wenye Jumamosi tano si sawa na wenye nne.

Hatua ya 5: Linganisha kila wiki

Mauzo yakipungua, angalia safu B, C na D kila moja peke yake. Vikundi vikipungua, tatizo liko mlangoni. Vikundi vikibaki vilevile na malipo yakashuka, angalia vinywaji kwanza. Watu kwa kikundi wakibaki 2 kwa wiki kadhaa, badilisha baadhi ya meza za wanne ziwe za wawili, kisha uhesabu upya hatua ya 2.