Pesi tatu kwenye saa ya kukimbia: uamini ipi

Jirani yangu hapa Moshi, dada anayejiandaa na nusu ya Kilimanjaro Marathon, aliniletea saa yake akisema imeharibika. Anakimbia mwendo uleule, saa inamwambia pesi yake, yaani dakika anazotumia kwa kilomita moja, ni 5:20, hatua chache mbele inamwambia 7:10. Saa yake ni nzima, ila alikuwa anasoma namba isiyo ya kusomwa. Nilichomwekea ni hiki. Majina ya menyu ni ya Garmin. Saa nyingine zina maneno yanayokaribiana.

Hatua ya 1: Ondoa `Pace` kwenye skrini.
Hii ndiyo pesi ya papo hapo. Saa inakadiria mwendo wako wa sekunde chache zilizopita kwa kutumia setilaiti, kisha inalainisha makadirio hayo, kwa hiyo daima inakuja nyuma ya miguu yako. Ukipita chini ya miti, kama ukipanda kuelekea Mweka kwenye njia ya mbio hizo, mawimbi yanazuiwa na namba inarukaruka. Ukiona inapanda na kushuka huku pumzi yako haijabadilika, ujue tatizo ni mawimbi. Wapo wanaoiacha kwa ajili ya mbio fupi za kasi. Mimi siiweki kabisa.

Hatua ya 2: Weka `Lap Pace` kwa herufi kubwa, `Lap Time` chini yake.
`Lap Pace` ni pesi ya lapu, yaani kipande cha mbio ambacho saa inakihesabu peke yake, kwa kawaida kilomita moja, na `Lap Time` ni muda wa kipande hicho. `Avg Pace`, wastani wa mbio nzima, ikae ukurasa wa pili. Yenyewe haidanganyi, ila inachelewa kukuambia. Tuseme unataka kilomita 10 kwa pesi ya 6:00. Umeanza na msisimko, kilomita 3 za kwanza umekwenda 5:30, halafu umechoka na sasa unakwenda 6:30. Mwisho wa kilomita ya 4 wastani unasoma 5:45, na unajiona bado uko vizuri. Mwisho wa ya 5 unasoma 5:54. Unafika 6:00 mwisho wa kilomita ya 6, ukiwa umeshaburuza miguu kwa kilomita 3 nzima. `Lap Pace` ingekuonyesha 6:30 tangu kilomita ya 4, kwa sababu kila lapu inaanza hesabu upya. Isipokuwa mita 150 hivi za mwanzo wa lapu usiitazame: umbali bado ni mdogo, na kosa dogo la setilaiti linaigeuza namba nzima.

Hatua ya 3: Zima `Auto Pause`.
Inasimamisha muda wa saa yako kila unaposimama, lakini saa ya waandaaji haisimami ukisimama kunywa maji.

Hatua ya 4: Siku ya mashindano, zima `Auto Lap` na ubonyeze mwenyewe kitufe cha lapu ukifika kwenye kibao cha kilomita.
Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu. `Auto Lap` inaanza lapu mpya yenyewe kila GPS inapohesabu kilomita moja. Njia ya mashindano hupimwa kwenye mstari mfupi kuliko yote unaoweza kukimbiwa. Wewe unazunguka kona kwa nje, unakwepa watu, na GPS nayo inaongeza chake. Mwisho saa inaweza kusoma kilomita 21.3 badala ya 21.1. Kama lengo ni 6:00, muda wako sahihi ni 2:06:35. Lakini ukishikilia 6:00 ya saa kwa kilomita 21.3 utamaliza 2:07:48. Umepoteza dakika moja na zaidi huku kila lapu ikikuambia uko sawa.

Ukibonyeza kwenye kibao, `Lap Time` ndiyo ukweli, kwa kuwa umbali umepimwa na waandaaji na muda umepimwa na saa. GPS haihusiki. `Lap Pace` bado inategemea GPS, kwa hiyo itumie kujiongoza katikati ya kilomita tu, ukilenga sekunde 3 au 4 chini ya pesi unayotaka, yaani 5:56 au 5:57 badala ya 6:00.

Tahadhari zake. Ukisahau kubonyeza, usibonyeze katikati ya njia ili kurekebisha. Subiri kibao kinachofuata, ugawe muda kwa mbili. Lapu moja ikija ndefu ajabu na inayofuata fupi ajabu, basi kibao kimewekwa pasipo mahali pake. Zijumlishe zote mbili kabla hujabadilisha mwendo. Na jaribu kitufe nyumbani ukiwa na mikono yenye jasho. Kwenye saa za kugusa skrini jasho linaweza kukusumbua, ndiyo maana mimi napenda saa ya vitufe.

Hatua ya 5: Kwenye mlima, acha pesi.
Njia ya Mweka ikianza kupanda, `Lap Pace` itakuwa sahihi lakini haitakusaidia: kushikilia 6:00 pale ni kujimaliza kabla ya kuteremka. Panda kwa pumzi, endelea kubonyeza kwenye vibao, na `Avg Pace` uirudie ukishageuza kuelekea mjini. Wakati huo ndipo inapokuambia kama mteremko umekurudishia muda ulioacha juu.