Kapsheni ya ofa ya mvua kwa duka la miavuli, makoti na gambuti

Mvua za Machi hadi Mei zikianza Nairobi kila duka linaposti wingu na "msimu wa mvua umefika wapendwa", na mteja anaona mvua kwa dirisha tayari, hakuhitaji kuambiwa. Anza na bei. Instagram inaonyesha kama herufi 125 za kwanza tu, zingine zinafichwa, so ofa yote iingie hapo.

Kwanza piga hesabu yako. Tuseme mwavuli ni 600, koti 1,200, gambuti 1,000, jumla 2,800, na ukiuza seti 2,400 bado unabaki na kitu. Laini ya kwanza inakuwa:

"Mwavuli + koti la mvua + gambuti, zote 2,400 badala ya 2,800. Mwisho Jumamosi saa kumi na mbili jioni."

Weka siku na saa. Ukiandika "hadi mvua iishe" utabishana na watu mpaka Juni.

Pili, kabla uandike koti haliingizi maji, ligeuze ndani uangalie mishono. Kama kuna utepe umebandikwa juu ya uzi, sawa, lakini kama unaona matundu ya sindano tu maji yatapita hapo hata kitambaa kiwe kizuri namna gani, na mtu atalowa mabega akingoja matatu then arudi kukutukana kwa komenti. Limwagie maji mabegani dakika kadhaa uguse ndani. Likilowa, andika "la manyunyu", ushushe bei, uache hivyo. Gambuti za mpira mtupu hazina shida hii, shida yake ni saizi, hazina nusu, so mwambie mwenye kuvaa soksi nzito aongeze moja.

Sasa malizia:

"Koti: M hadi XXL, mishono imezibwa. Gambuti: 37 hadi 44, ukivaa soksi nzito ongeza saizi moja. Mwavuli: mweusi au bluu.
Tuko Tom Mboya, ghorofa ya pili, unalipa kwa till. Bodaboda ndani ya tao 150, mtaani tunakupa bei kwanza.
Andika saizi ya koti na ya kiatu hapa chini tukuwekee."

Hiyo laini ya mwisho usiitoe, mtu akishaandika "L na 41" umebaki kumpelekea tu, na hii mambo ya "bei inbox" mi huona ni kufukuza watu.

Posti kitu saa tisa hivi mchana wingu likiwa limejaa, kabla watu watoke job. Ukiona komenti tatu za "mko wapi?" hiyo laini ya Tom Mboya haionekani, ipandishe juu saa hiyo hiyo. Na Jumamosi ikipita editi, anza na "OFA IMEISHA", ju kuna mtu atakuja wiki ijayo na skrinshoti anataka 2,400.