Kuandika upya sera ya faragha kwa Kiswahili chepesi bila kugusa makubaliano

Huu ndio utaratibu ninaoutumia. Mfano wetu ni kifungu cha programu ya mikopo ya simu, cha aina ninayokutana nayo mara nyingi:

"Taarifa binafsi za Mtumiaji, zikiwemo namba ya simu, mahali alipo na orodha ya mawasiliano, zinaweza kutolewa kwa wahusika wengine kwa madhumuni ya uhakiki wa mkopo na/au urejeshaji wa deni, na zitahifadhiwa kwa kipindi kisichozidi miaka saba baada ya kufungwa kwa akaunti, isipokuwa pale ambapo sheria itahitaji vinginevyo."

Hatua ya 1: Vunja kifungu kabla ya kuandika chochote

Jiulize: nani anafanya, anafanya nini, kwa taarifa zipi, anampa nani, kwa sababu gani, hadi lini, na kuna "isipokuwa" ipi? Andika kila jibu kwenye mstari wake. Jibu lisipopatikana, usilibuni. Hapa "zinaweza kutolewa" haisemi nani anatoa, kwa hiyo nilimuuliza mwanasheria wa kampuni, akathibitisha kuwa ni kampuni yenyewe.

Swali la pili lilikwenda kwa mtengenezaji wa programu. "Orodha ya mawasiliano" inaweza kumaanisha majina na namba zilizohifadhiwa kwenye simu, au kumbukumbu ya nani alimpigia nani. Kwenye Android hizo ni ruhusa mbili tofauti, `READ_CONTACTS` na `READ_CALL_LOG`. Programu ilikuwa inaomba ya kwanza tu.

Hatua ya 2: Andika rasimu, kisha itilie shaka

Rasimu ya haraka huwa hivi: "Tunawapa washirika wetu namba yako, mahali ulipo na majina yaliyo kwenye simu yako ili kuhakiki mkopo. Baada ya miaka saba tunazifuta."

Inasomeka vizuri, lakini ni makubaliano mengine kabisa. "Tunaweza kuwapa" imekuwa "tunawapa". "Zikiwemo" imepotea, hivyo msomaji anadhani taarifa ni hizo tatu tu. "Washirika wetu" inatuliza moyo, ilhali "wahusika wengine" wanaweza kuwa watu wowote walio nje ya kampuni. "Kisichozidi" imekuwa miaka saba kamili, na "isipokuwa" imefutika. Kosa baya kuliko yote ni kuondoka kwa urejeshaji wa deni. Mtu anayekopa anahitaji kujua kwamba namba ya shemeji yake inaweza kufika kwa mdai madeni.

Baada ya marekebisho:

"Tunaweza kuwapa wengine walio nje ya kampuni yetu, wawe watu au taasisi, taarifa zako binafsi ili kuhakiki mkopo, au kudai deni, au vyote viwili. Miongoni mwa taarifa hizo ni namba yako ya simu, mahali ulipo, na majina na namba ulizohifadhi kwenye simu yako. Akaunti ikifungwa, tutazihifadhi kwa muda usiozidi miaka saba, isipokuwa sheria ikitaka vinginevyo."

Sentensi zimekuwa tatu na maneno hayakupungua, bali yameongezeka kidogo. Wepesi unatokana na mpangilio, kwa hiyo usikate maneno ili kutimiza idadi.

Hatua ya 3: Neno moja kwa jambo moja

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 inasema "taarifa binafsi". Kenya wengi huandika "data ya kibinafsi". Chagua moja kulingana na wasomaji wako na ulishike hadi mwisho. Ukichanganya, msomaji atadhani ni vitu viwili.

Hatua ya 4: Tangazo la vidakuzi

Vidakuzi ni faili ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kifaa cha mtumiaji. Hapa kitufe ndicho makubaliano yenyewe. "Sawa" haifai, kwa sababu kwetu "sawa" ni nimeona, nimeelewa, na pia nakubali. Andika "Kubali vyote" na "Kataa visivyo vya lazima", kama kweli kukataa kunafanya kazi. Bonyeza mwenyewe uone. Vile vya lazima, kama kile kinachokumbuka kuwa umeshaingia kwenye akaunti, vieleze tu. Usimwombe mtu ridhaa ambayo hawezi kuinyima.

Sera ya asili ikisema "kwa kuendelea kutumia tovuti, unakubali", usiigeuze kimyakimya kuwa kitufe, wala usiifiche. Iandike ilivyo na umpelekee mwanasheria. Ni yeye mwenye mamlaka ya kubadili namna ridhaa inavyotolewa.

Hatua ya 5: Pima kwa maswali

Mpe maandishi mapya mtu asiyeiona asili. Muulize: "Kampuni inaweza kumpa mdai madeni namba ya shemeji yako? Ukifunga akaunti leo, taarifa zako zinafutwa leo?" Mwanasheria ajibu maswali hayohayo akiwa na asili peke yake. Majibu yakipishana, rudi kwenye mistari ya hatua ya kwanza utafute kilichodondoka. Kwa kifungu chetu, majibu sahihi ni "ndiyo, inaweza" na "si lazima".

Mwisho, matoleo yote mawili yakichapishwa, mwanasheria aamue lipi linatawala yakipingana, na uamuzi huo uandikwe juu kabisa ya ukurasa pamoja na tarehe ya toleo.