Kabla ya kusahihisha hesabu za pato la taifa, piga hesabu za majibu yenye makosa pia

Walimu wengi wa uchumi na biashara hapa Nairobi huanza kusahihisha wakiwa na jibu moja tu mkononi: lile sahihi. Kwa maswali mengi hilo linatosha. Kwa swali la pato la taifa kwa njia ya matumizi halitoshi, kwa sababu alama za kujumlisha na kutoa kwenye mauzo ya nje na uagizaji hukosewa kwa namna chache zinazojirudia kila mwaka, na kila namna huacha jibu lake lenyewe. Ukiyajua majibu hayo kabla ya kufungua karatasi ya kwanza, utatambua mara moja mwanafunzi alipoteleza, na utampa alama anazostahili badala ya kukata mstari mwekundu juu ya kila kitu.

Tuchukue swali moja tulifanyie kazi. Takwimu zake ni za kubuni, katika mabilioni ya shilingi. Matumizi ya kaya ni 640, uwekezaji 160, matumizi ya serikali 150, mauzo ya nje 120 na uagizaji kutoka nje 210. Sehemu ya kwanza inaomba pato ghafi la ndani kwa bei za soko. Kanuni ni ile tunayoijua sote:

```
Y = C + I + G + (X − M)
Y = 640 + 160 + 150 + (120 − 210) = 860
```

Weka kando jumla ya tatu za kwanza, 950, maana ndiyo utakayoirudia. Sasa kosea kwa makusudi. Aliyebadilisha nafasi, akajumlisha uagizaji na kutoa mauzo, atapata 1040. Aliyejumlisha vyote viwili atapata 1280. Aliyetoa vyote viwili atapata 620. Aliyesahau uagizaji ana 1070, aliyesahau mauzo ana 740, na aliyeacha biashara ya nje kabisa anabaki na 950. Andika majibu haya sita pembeni mwa mwongozo wako wa kusahihishia, kila moja na sababu yake.

Kuna mpangilio ndani ya tofauti hizo. Anayejumlisha uagizaji badala ya kuutoa hukosea kwa uagizaji mara mbili, yaani 420, kwa kuwa ameacha kuutoa kisha akauongeza juu yake. Anayetoa mauzo badala ya kuyajumlisha hukosea kwa mauzo mara mbili, yaani 240 chini ya jibu. Aliyebadilisha nafasi za vyote viwili hukosea kwa pengo la biashara mara mbili, 180. Kwa hiyo hata ukikutana na jibu ambalo hukuliandika, toa jibu sahihi kutoka kwake na uitazame tofauti. Ikiwa ni mojawapo ya takwimu za biashara ya nje, kitu kimesahauliwa. Ikiwa ni mara mbili yake, alama imegeuzwa.

Kama bado unatunga swali, au unalitoa kwenye mtihani wa zamani na una nafasi ya kubadilisha takwimu, hakikisha kwanza kwamba makosa mawili tofauti hayatoi jibu moja. Hapa wengi hawaangalii. Uagizaji ukiwa mara mbili kamili ya mauzo, tuseme 240 kwa 120, aliyebadilisha nafasi na aliyesahau uagizaji watapata jibu lilelile, kwa kuwa pengo mara mbili ni 240 na uagizaji wenyewe ni 240. Mauzo na uagizaji vikilingana, mambo ni mabaya zaidi: aliyebadilisha nafasi anapata jibu sahihi na huna namna ya kumgundua kwa jibu pekee. Afadhali pia uagizaji uzidi mauzo. Ndivyo hali ya biashara ya bidhaa ya Kenya ilivyo, na ni pale matokeo ya mabano yanapokuwa hasi ndipo uelewa wa mwanafunzi unapopimwa kweli.

Sasa tukae kidogo kwenye lile jibu la 1040, kwa sababu ndilo linalowadhulumu wanafunzi kuliko yote. Linaweza kufikiwa kwa njia tatu ambazo hazina uzito sawa. Wa kwanza ameandika kanuni yenyewe kinyume, mauzo yakitolewa kwenye uagizaji. Wa pili ameandika kanuni vizuri, ameingiza takwimu vizuri, kikokotoo kikamwonyesha −90, naye akaandika 90 na kuijumlisha. Wa tatu huonekana pale swali linapotoa mauzo halisi ya nje yakiwa tayari yamekokotolewa kuwa −90: anakumbuka kwamba uagizaji hutolewa, basi anaandika 950 − (−90) na kutoa mara ya pili kile kilichokwisha kutolewa. Jibu ni moja, lakini wa kwanza hajui kanuni, wa pili anaijua na ameteleza katika hesabu, na wa tatu anaijua ila hakusoma alichopewa. Hapa orodha yako ya majibu haikusaidii. Lazima macho yarudi kwenye mstari wa hatua.

Ndiyo maana ugawaji wa alama uamuliwe kabla, na uandikwe. Tuseme sehemu ya kwanza ina alama 3: moja ya kanuni, moja ya kuingiza takwimu, moja ya jibu. Wa pili hapo juu apate 2. Wa kwanza, aliyegeuza kanuni, akose ya kanuni na ya jibu. Kama takwimu zake zimeingia mahali alipoziandikia, mimi humpa ile moja, lakini jambo hili mkubaliane walimu wote mnaosahihisha swali hilo, lisitegemee nani kashika karatasi. Mwanafunzi aliyeandika 1040 bila hatua yoyote hana pa kushikia, na hapati kitu.

Tahadhari nyingine ni ya upande wa pili. Yupo mwanafunzi atakayeandika C + I + G − (M − X). Msahihishaji aliyechoka, saa za jioni, anaona alama ya kutoa mbele ya mabano na uagizaji mbele ya mauzo, mkono unakwenda wenyewe kwenye kosa. Lakini 950 − 90 ni 860. Yuko sahihi kabisa. Andika muundo huo kwenye mwongozo kama njia inayokubalika.

Sehemu ya pili ya swali huendeleza hesabu hadi pato halisi la taifa kwa gharama za vipengele vya uzalishaji. Mapato halisi ya vipengele kutoka nje ni −30, uchakavu 35, kodi zisizo za moja kwa moja 70, ruzuku 20. Kutoka 860 tunashuka hadi 830, kisha 795, tunatoa kodi tupate 725, tunarudisha ruzuku tupate 745. Aliyeingia na 1040 akafanya kila kitu vizuri atatoka na 925. Tofauti ni 180 ileile. Imesafiri naye tangu sehemu ya kwanza bila kubadilika. Mpe alama zote za sehemu ya pili. Ameshaadhibiwa mara moja kwa kosa moja. Piga hesabu ya majibu haya ya kuendeleza mapema, kwa kila jibu kosefu la sehemu ya kwanza, la sivyo utajikuta ukikokotoa upya katikati ya rundo la karatasi na hapo ndipo haki inapopotea.

Swali likiwa na kipengele cha kueleza, amua pia utakubali maelezo gani. Jibu la kawaida husema uagizaji hutolewa kwa sababu unapunguza pato la nchi. Mimi silipi alama kamili. Uagizaji hutolewa kwa sababu umekwisha kuhesabiwa ndani ya matumizi ya kaya, uwekezaji na matumizi ya serikali, ilhali haukuzalishwa hapa. Chukua, kwa takwimu za kubuni, gari lililotumika kutoka Japani, linalouzwa kwenye yadi ya Ngong Road kwa shilingi 1,500,000, na thamani yake lilipofika bandarini ilikuwa 1,000,000. Mnunuzi anapolipa, matumizi ya kaya yanaongezeka kwa 1,500,000. Tukitoa uagizaji wa 1,000,000 inabaki 500,000, ambayo ni kodi, usafiri kutoka Mombasa na faida ya mwenye yadi, yaani kile kilichopatikana hapa nchini. Gari lenyewe halijapunguza chochote. Limeingia upande mmoja na kutoka upande mwingine. Mwanafunzi aliyelielewa hili hageuzi alama kwa urahisi.

Makosa mengi ya kugeuza hutokana na huduma, si bidhaa. Maua yanayopakiwa ndegeni JKIA kila mtu anajua ni mauzo ya nje. Lakini mtalii wa Kijerumani anayelala hoteli ya Nairobi huwekwa na wengi kwenye uagizaji, kwa kuwa ameingia nchini. Fedha zake ndizo zinazoingia kulipia huduma yetu, kwa hiyo ni mauzo ya nje. Mkenya anayetibiwa hospitali ya India, kinyume chake, ni uagizaji. Swali likitaja utalii kwa takwimu, ongeza jibu la aliyeiweka upande usio wake: tofauti itakuwa mara mbili ya takwimu hiyo. Nazo pesa anazotuma ndugu aliye ng'ambo si mauzo ya nje hata kidogo. Hakuna bidhaa wala huduma iliyovuka mpaka kwa ajili yake.

Mwisho, soma tena swali ujue linaomba njia gani. Hayo yote ni ya njia ya matumizi. Kwa njia ya thamani iliyoongezwa, malighafi zote, za hapa na za nje, hutolewa katika kila hatua ya uzalishaji, kwa hiyo anayetoa uagizaji tena mwishoni anautoa mara mbili. Kwa njia ya mapato, uagizaji haumo kabisa. Mwanafunzi aliyekariri kwamba uagizaji hutolewa ataandika alama sahihi mahali pasipo pake, na tofauti itakuwa uagizaji mara moja, chini ya jibu. Kwenye ukingo wa karatasi yake usiandike "alama si sahihi". Mwandikie kwamba njia hii haina mstari huo, kisha umzungushie mstari alioongeza.