Somo: Kunakili daftari la madeni lenye wino wa rangi mbili bila kupoteza madeni yenyewe

Wengi wetu hapa tunanakili madaftari ya zamani ya familia: maduka ya Arua na Masindi, vyama vya ushirika vya kahawa na tumbaku, vikundi vya kuweka akiba. Leo nazungumzia daftari la duka tu, lile lenye safu ya baki iliyoandikwa mara kwa wino mweusi, mara kwa mwekundu. Ukinakili tarakimu ukaacha rangi, hujapunguza urembo wa ukurasa. Umegeuza mdaiwa akawa mtu mwenye akiba dukani.

Mfano huu nimeutunga kwa mtindo wa madaftari hayo. Ni hesabu ya mteja mmoja, Machi 1964, siku za shilingi ya Afrika Mashariki, kabla Uganda haijatoa shilingi yake mwaka 1966. Mteja alikuwa ametanguliza pesa dukani.

3 Machi, baki ya kuanzia: 20/- (nyeusi)
5 Machi, sukari na chumvi, alichukua 8/50. Baki 11/50 (nyeusi)
9 Machi, shuka na mafuta ya taa, alichukua 26/-. Baki 14/50 (nyekundu)
14 Machi, alileta pesa 10/-. Baki 4/50 (nyekundu)
20 Machi, sabuni, alichukua 3/-. Baki 7/50 (nyekundu)

Sasa soma safu ya baki kana kwamba rangi haipo. Tarehe 9 mtu mwenye 11/50 anachukua vitu vya 26/- na baki yake inapanda. Tarehe 14 analeta pesa na baki inashuka. Anayesoma nakala yako atadhani mwenye duka hakujua hesabu, au kwamba wewe ulichanganya safu. Kumbe daftari liko sawa kabisa: katika mfano huu baki nyeusi ni akiba yake, na nyekundu ni deni lake.

Hatua ya kwanza: piga picha ya rangi, kwenye mwanga wa mchana

Kaa karibu na dirisha, kivulini, usitumie balbu ya manjano. Weka kipande cha karatasi nyeupe safi pembeni mwa ukurasa ili kionekane pichani, kwa sababu baadaye ndicho kitakachokuonyesha kama kamera imepaka kila kitu unjano. Usitumie ile hali ya simu ya "kusafisha hati" inayogeuza ukurasa kuwa mweusi na mweupe. Maandishi yatang'aa vizuri, lakini rangi imekwenda na hairudi.

Hatua ya pili: andika rangi uliyoiona, usiandike maana bado

Hapa ndipo watu wengi hukimbia. Wanaona wekundu, wanaandika "deni". Lakini katika ukurasa mmoja wekundu unaweza kuwa na kazi mbili. Kwenye mfano wetu, tarehe 9, kuna jambo ambalo orodha ya juu haikuonyesha: safu ya alichochukua ina 24/- ya wino mweusi iliyokatwa kwa mstari mwekundu, na juu yake 26/- kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Wekundu huo si deni. Ni sahihisho, na ni la vitu alivyochukua, si la baki.

Kwa hiyo tenga safu ya rangi na safu ya maana. Mimi hutumia jedwali lenye safu hizi, kuanzia A hadi I: tarehe, maelezo, alichukua, alilipa, baki kwa tarakimu, rangi ya baki, baki yenye alama, ukaguzi, na maana. Pesa za safu C, D na E naziandika kwa nukta, yaani 14.50, ili fomula izisome kama namba. Pembeni naweka safu moja zaidi ya maandishi kama yalivyo, yaani "14/50", na mkwaju wake.

Tahadhari moja kuhusu safu hiyo ya mwisho: ifanye iwe ya maandishi kabla ya kuandika chochote. Usipofanya hivyo, Excel ikipewa 8/50 itaigeuza kuwa Agosti 1950, na 11/50 itakuwa Novemba 1950, huku 14/50 ikibaki ilivyo kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na nne. Ukiona baadhi ya pesa zako zimekuwa tarehe na nyingine hazikuwa, sababu ni hiyo.

Tena, usitegemee kupaka seli rangi nyekundu. Fomula ya kujumlisha haioni rangi ya herufi, na ukihifadhi faili kama `.csv` rangi zote zinafutika. Neno "nyekundu" lililoandikwa kwenye safu yake litabaki.

Hatua ya tatu: acha hesabu ikuthibitishie maana

Daftari la duka lina uzuri huu: linaweza kujieleza lenyewe. Chukulia kwamba baki nyekundu ni pungufu ya sifuri, kisha jaribu. Mstari wa 2 wa jedwali ni baki ya kuanzia. Kwenye G2 andika fomula ya kwanza hapa chini, na mstari wa 3 ujaze hivi:

```
G2: =IF(F2="nyekundu",-E2,E2)
G3: =IF(F3="nyekundu",-E3,E3)
H3: =G2-C3+D3-G3
```

Vuta fomula za mstari wa 3 hadi chini. Safu ya H ikitoa 0 kila mstari, dhana yako ni sahihi: 11.50 toa 26 ni pungufu 14.50, ongeza 10 ni pungufu 4.50, toa 3 ni pungufu 7.50. Hapo sasa una haki ya kuandika "deni" kwenye safu ya maana.

Hesabu hiyo hiyo inatuambia jambo kuhusu sahihisho. Kama baki ya tarehe 9 ingepigwa kwa ile 24/- ya kwanza, ingekuwa 12/50. Imeandikwa 14/50, safi, bila kufutwa. Basi yaelekea sahihisho lilifanywa kabla baki haijaandikwa. Usingeweza kujua hilo kama ungenakili 26/- peke yake na kuitupa 24/-.

Safu ya H isipotoa sifuri, usilazimishe. Rudi kwenye picha, angalia kama umesoma 1 badala ya 7. Kama tarakimu ziko sawa na hesabu bado haikubali, andika "haijulikani" kwenye maana na uache rangi ilivyo. Inawezekana mwandishi aliishiwa wino akachukua kalamu nyingine. Dalili yake ni kwamba wekundu unaanza katikati ya mstari wowote na kufunika maelezo, tarehe na tarakimu bila kuchagua.

Hatua ya nne: kwa wanaotumia TEI, ule utaratibu wa kuweka alama za XML kwenye maandishi

Mwandiko mmoja mmoja uutangaze mwanzoni kwa `handNote`, kisha uurejelee kwa `hand`; hapa `#m2` ni mwandiko wa pili. Rangi inakaa kwenye `rend`, maana inakaa kwenye `ana`.

```xml
<cell><subst>
  <del hand="#m2" rend="mstari-mwekundu">24/-</del>
  <add hand="#m2" place="above" rend="nyekundu"
       ana="#sahihisho">26/-</add>
</subst></cell>
<cell rend="nyekundu" ana="#deni">14/50</cell>
```

Angalia `hand` kwenye `del`: ni mkono wa aliyekata, si wa aliyeandika 24/- mwanzo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Bombo: Asalaam aleikum mwalimu. Daftari la marehemu babu lilishaskaniwa zamani kwa nyeusi na nyeupe, na lenyewe liko kwa shangazi, mbali. Naweza kupata rangi kutoka kwenye skani?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Rangi hapana. Lakini alama ya deni unaweza kuikisia kwa hesabu ya hatua ya tatu: jaribu kila baki kwa chanya na kwa hasi, uone ipi inatoa sifuri. Mara nyingi moja tu ndiyo itakayokubali. Ila kwenye safu ya rangi andika "haikuonekana", na kwenye maana andika "deni, kwa hesabu". Usiandike "nyekundu", maana hukuiona. Mwombe shangazi akupigie picha za simu za kurasa chache tu, zile ambazo hesabu yake imekushinda.

Mwanachama, Jinja: Mwalimu, kwangu kuna tarakimu za kahawia hafifu. Sijui ni wekundu uliopauka au ni weusi uliozeeka.

Jibu: Swali zuri sana dada, na zote mbili hutokea. Wino mwekundu mwingi wa karne iliyopita ulitengenezwa kwa eosini, na hiyo hupauka haraka kwenye mwanga. Wino wa buluu-nyeusi wa ofisini ulikuwa na chuma, nao kwa miaka hugeuka kahawia. Kwanza tazama karibu na mshono wa daftari, mahali mwanga haukufika, maana huko wekundu hubaki na nguvu zaidi. Kisha tenganisha chaneli nyekundu na chaneli ya kijani za picha kwa programu ya ImageMagick:

```
magick ukurasa.jpg -channel R -separate r.png
magick ukurasa.jpg -channel G -separate g.png
```

Fungua picha zote mbili. Wino mwekundu kwa kawaida hutoweka kwenye `r.png` na kuonekana mweusi kwenye `g.png`. Wino wa chuma uliozeeka hubaki kuonekana kwenye zote mbili, hata kama ni hafifu. Karatasi ikiwa imeingia madoa ya maji, kipimo hiki hakitoshi, kwa hiyo kiunge na hesabu.

Mwanachama, Mbale: Kitabu cha chama chetu cha kahawa kina vema za kijani kando ya kila jumla, na sehemu nyingine zambarau. Hizo nazo ni madeni?

Jibu: Vema kando ya jumla, kwa rangi ambayo haitokei kwingine kitabuni, mara nyingi ni za mkaguzi. Tafuta sahihi ya kijani mwisho wa mwezi au wa mwaka. Ukiikuta, umepata mwenye kalamu. Usipoikuta, andika "vema, kijani" na maana uiache wazi, kwa sababu kila ofisi ilikuwa na utaratibu wake. Zambarau iangalie kwa makini. Kulikuwa na penseli ambazo maandishi yake ni ya kijivu yakiwa makavu, yakipata unyevu yanakuwa zambarau. Ukiona neno moja limeanza kijivu na kumalizika zambarau, hapo rangi imeletwa na maji wala haina maana ya kihesabu. Na tafadhali usilowanishe kidole ukajaribu.

Mwanachama, Arua: Kwa nini nisiweke tu alama ya kutoa, niandike -14/50, nikaachana na habari za rangi?

Jibu: Kwa sababu mwenye duka hakuandika alama hiyo. Ikiwa kesho mtu atagundua kwamba katika ukurasa fulani wekundu ulikuwa sahihisho, hataweza kujua ni alama zipi ulizikuta na zipi ulizitia wewe. Alama ya kutoa iweke kwenye safu ya baki yenye alama, ndiyo kazi ya safu hiyo. Kwenye maandishi kama yalivyo iwe 14/50, na pembeni yake "nyekundu".